Desemba, basi au ndege

"Mama, Desemba tuje Muleba kwa basi au kwa ndege? Basi ni elfu tisini kwa kiti, ndege laki tatu na nusu."

Mwanangu,

Hujambo, na wajukuu zangu hawajambo? Mimi siku zote nasema nauli ihesabiwe mlango kwa mlango. Kwa basi mtakata viti vitatu, mdogo utampakata: laki mbili na elfu sabini. Kwa ndege viti vitatu ni milioni moja na elfu hamsini, na huyo mchanga, kwa kuwa hajafika miaka miwili, kwa kawaida hutozwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Lakini ndege itawapitisha nyumbani iwashushe Bukoba, kisha mkodi gari mrudi kilomita kama sabini. Basi likitoka Biharamulo linapita hapa hapa Muleba, na konda atawashusha na mizigo yenu.

Na mizigo ya kurudi je? Mkungu wa ndizi, kahawa, senene wa kukaanga. Kwenye buti la basi vinaingia vyote. Uwanja wa ndege vitapimwa, na kila kilo ya ziada italipiwa.

Ukisoma hapo utadhani nakuambia upande basi. Sivyo. Babu yako alipofariki nilitoka Dar na wewe mgongoni. Enzi hizo mabasi ya abiria yalikatazwa kutembea usiku, basi letu likalala Kahama. Nilikesha kwenye kiti, watu wanakoroma, nami najua kule nyumbani wanachimba. Tulipofika kibanjani kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Wajomba zako walisema wamesubiri mpaka jua likazama. Mpaka leo nikipita Kahama natazama upande mwingine.

Najua, tangu 2023 mabasi yanatembea usiku kucha, na Desemba mnakuja kula sikukuu, hakuna msiba. Basi kwa nini nakuandikia haya? Kwa sababu ule mlango kwa mlango una saa zake pia. Kutoka Mbezi Luis mpaka hapa ni mchana mzima na usiku juu yake. Mkubwa atataka kuchimba dawa kila mkikaribia mji, na dereva hasimami kwa ajili ya mtoto mmoja. Mdogo atalala mapajani mwako toka Morogoro hadi Singida na zaidi. Mtashuka mmechoka, siku ya kwanza mtalala tu, na siku ya mwisho mtaiaga mapema. Ila hiyo laki nane mnayookoa ni karo ya mkubwa Januari, hilo nalo silipuuzi.

Nilishaandika jibu hapa nikalifuta, maana mwenye mfuko ni wewe na mumeo. Niambie kwanza: kazini wamempa likizo ya siku ngapi? Zikiwa chini ya kumi, nipigie kabla hujalipa chochote.

Mama yako