Usirefushe waya wa USB, refusha waya wa ukutani

*"Wakuu, nina diski mbili za nje za TB 2 na laptopu yenye poti mbili tu. Nataka kuchukua habu ya poti 4 isiyo na adapta, shilingi 25,000, pamoja na ekstensheni ya USB ya mita 3 ili diski zikae juu ya rafu watoto wasizifikie. Itafaa?"*

Usinunue. Kama umeshalipa, panda boda sasa hivi urudishe kabla hawajafunga duka.

Samahani kwa kukosa salamu, lakini nimesoma swali lako nikahisi tumbo linakata. Habu ya bei hiyohiyo, ekstensheni ya urefu huohuo, diski mbili, hata rafu. Ulichobakiza ni kuandika jina langu tu.

Mimi napiga na kuhariri video za sherehe hapa Kampala. Kuna Jumamosi nilikwenda Masaka kupiga kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, kamera mbili, nikarudi usiku na GB 180 hivi. Jumapili asubuhi nikamwaga kadi zote kwenye diski ya kwanza. Vizuri. Kwa sababu jioni nilikuwa na kazi nyingine Entebbe, nikafuta kadi. Najua, najua, nitukane, mke wangu alishatangulia. Hesabu yangu ilikuwa kwamba nakala ya pili naitoa diski ya kwanza kwenda diski ya pili, zote zipo pale rafuni, nianzishe nikanywe chai.

Niliporudi na kikombe nikasikia ile sauti ya Windows ya kitu kuchomolewa, halafu ya kuchomekwa, halafu ya kuchomolewa tena, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Nikapeleka sikio karibu na rafu. Diski ilikuwa inasema *tik*, inanyamaza, inaanza kuzunguka, *tik* tena. Ile tik ni kichwa cha kusomea kinachorudi haraka mahali pake pa kupumzika umeme unapokatika ghafla. Na mimi, badala ya kuchomoa kila kitu, nikasema labda ikizoea itatulia. Ilijaribu mara tano au sita. Mwishowe Windows ikanipa ile sentensi ambayo sitaisahau: "You need to format the disk in drive E: before you can use it." E ndiyo ilikuwa diski ya kwanza, yenye nakala pekee ya harusi ya watu.

Sasa nikueleze kilichotokea, kwa maana aliyeniuzia alinihakikishia kwa mdomo wake, "Hii ni USB 3 bosi, inabeba kila kitu." Inabeba! Gunia la mahindi pia inabeba?

Poti ya USB 3 kwenye laptopu, kwa kanuni, inatoa volti 5 na ampia 0.9. Habu isiyo na adapta haina umeme wake, inagawa hizohizo 0.9, na yenyewe inakula kidogo humo. Kanuni yenyewe inasema habu ya namna hiyo isiahidi zaidi ya ampia 0.15 kwa kila poti. Inatosha kipanya na kibodi. Diski ndogo ya inchi 2.5 inayozunguka, ikiwa inasoma au kuandika, inakula kama nusu ampia, na ile dakika ya kuanza kuzunguka inaweza kukaribia ampia nzima. Zichomeke mbili, moja inasoma na nyingine inaandika, tayari umevuka. Habu za bei ya chini hazikukatazi, zinapitisha tu umeme uliopo, ndiyo maana ukijaribu dukani na flashi moja kila kitu kinaonekana kizuri.

Lakini ekstensheni ndiyo iliyonimaliza. Nyuzi za umeme ndani ya kebo za bei rahisi ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Nilipoikata yangu baadaye kwa hasira, juu ya ganda ilikuwa imeandikwa 28AWG, ambacho ni kipimo cha unene, na namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Uzi wa 28 una ukinzani wa kama omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda mita 3 na kurudi mita 3, kwa hiyo ni mita 6, omu 1.3 hivi. Diski zikivuta ampia 0.9, unapoteza volti 1.15 njiani. Laptopu imetoa 5, rafuni zinafika 3.85. Diski ya volti 5 haiwezi kuishi hapo. Inazima, ikizima haivuti kitu, kwa hiyo volti zinapanda tena hadi 5, inaamka, inaanza kuzunguka, volti zinaanguka, inazima. Tik, tik, tik. Umeona mchezo?

Na ndiyo sababu kwa wiki mbili za mwanzo nilidhani niko salama. Diski moja ikiwa inavuta nusu ampia tu, kwa hesabu hiyohiyo inapata volti 4.35, inasukumasukuma. Nyaraka, picha chache, nyimbo, sawa. Kila mara ilipojitoa nilisema ni Windows, nikaiwasha upya kompyuta. Rafiki yangu fundi mmoja, ambaye huwa ana jibu la kila kitu, akaniambia ni virusi. Nikalipia dawa ya virusi! Jamani.

Programu ya PhotoRec ilinirudishia klipu nyingi, bila majina, zimechanganyika kama karata, na zile ndefu ambazo vipande vyake vilikuwa vimetawanyika kwenye diski zilitoka zimeharibika. Katika zilizokufa ilikuwemo ile ya senga, shangazi wa bibi harusi, anapotembea kati ya wageni kumtafuta bwana harusi. Yaani kwanjula bila hiyo ni nini? Nilirudisha shilingi 600,000 kati ya 1,500,000 nilizolipwa, nikaomba radhi nikiwa nimepiga magoti, na si kwa mfano wa maneno.

Kwa hiyo: waya wa USB usiurefushe. Ukihitaji urefu, refusha waya wa ukutani. Chukua habu yenye adapta yake, iweke jirani na diski, na ekstensheni ya kawaida ya soketi ndiyo itembee mbali. Adapta ya wati 20 kwenye umeme wa volti 240 inavuta chini ya ampia 0.1. Hata ungeipitisha kwenye ule waya wangu mbovu wa omu 1.3 ungepoteza volti 0.1 kati ya 240, hakuna atakayejua. Waya uleule, kwenye volti 5, ulinigharimu harusi. (Usiupitishe kweli umeme wa ukutani kwenye waya wa USB, kuna watu humu nawajua.)

Habu yenyewe, usisome sanduku, geuza adapta usome maandishi madogo. Poti 4 mara ampia 0.9 ni 3.6, kwa hiyo tafuta 5V 4A, au 12V 2A kwenda juu. Arkedi za mjini wanauza habu nzuri kwa macho, ina taa na swichi kwa kila poti, ukigeuza adapta ni 5V 1A. Hiyo ni habu isiyo na umeme iliyovaa suti. Yangu ya sasa ilinitoka 150,000 na wakati ule niliona ni wizi.

Kebo kutoka habu hadi laptopu tumia iliyokuja na habu, mita moja, ikizidi sana mbili. Diski hazivuti tena umeme kupitia hapo, lakini bado kuna mawimbi ya data. USB 3 inapitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, na kila mita na kila kiungo cha ekstensheni kinayadhoofisha. USB 2 inavumilia mita 5, USB 3 hesabu tatu, na hizo ni kwa kebo nzuri moja isiyo na kiungo. Yakidhoofika kidogo diski inashuka kimyakimya hadi mwendo wa USB 2. Yakidhoofika zaidi inaanza kujitoa ovyo hata umeme ukiwa wa kutosha.

Utajuaje ni lipi? Mimi napima hivi: nachomeka diski moja, kwenye habu yenye adapta. Ikiacha kujitoa, tatizo lilikuwa umeme. Ikiendelea kujitoa unapokopi faili kubwa, toa ekstensheni, uchomeke kwa kebo fupi. Ikitulia, ni mawimbi. Ikijitoa hata ikiwa peke yake kwenye laptopu kwa kebo nyingine fupi, basi diski au kisanduku chake kinaumwa, okoa data leo. Kwenye Windows fungua Event Viewer utafute tukio namba 157, linasema diski "has been surprise removed". Kwenye Linux acha `sudo dmesg -w` ikiwa wazi unapokopi, na ukiona hivi, simamisha:

```
usb 2-1.3: reset SuperSpeed USB device number 9 using xhci_hcd
usb 2-1.3: USB disconnect, device number 9
```

Mwendo unauona kwa `lsusb -t`. Diski ya USB 3 ikiandikwa 480M badala ya 5000M, kebo au poti inakudanganya.

Jambo moja ambalo wale wa video za Ulaya hawatakuambia kwa sababu kwao umeme haukatiki. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku, au laini ikikatika, laptopu inaendelea na betri na hata hustuki, lakini adapta ya habu imekufa. Habu nyingi hapo hapo zinarudi kunyonya kwenye laptopu, na diski zako mbili zinaanguka katikati ya kuandika. Yalinikuta na habu hiyo nzuri ya 150,000, ila safari hiyo kadi zilikuwa hazijafutwa. Adapta ya habu ichomeke kwenye UPS, hata ile ndogo kabisa. Kama huna, kazi ya kukopi ifanye diski zikiwa zimechomekwa laptopuni moja kwa moja, kila moja kwenye poti yake. Poti mbili unazo, nakala ya diski kwenda diski haihitaji habu kabisa!

Watoto wakisumbua, pandisha laptopu nayo rafuni.

Bwana harusi bado ananisalimia tukikutana. Yule senga, hapana.