Kichwa cha barua ya wakili

"Barua ya wakili wa Nakuru ina kichwa 'Without Prejudice', nilichokitafsiri 'Bila Ubaguzi'. Je, ni sahihi?"

La, ndugu. Neno "prejudice" lina maana mbili, nawe umechukua ya mtaani. Kisheria linahusu kudhuru haki, kwa hivyo andika "Bila Kuathiri Haki". Ikiwa mteja anadaiwa shilingi 90,000 na wakili wake anapendekeza alipe 60,000 ili mzozo uishe, kichwa hicho husaidia kuzuia pendekezo lisitumiwe mahakamani kama ungamo la deni, ilhali "Bila Ubaguzi" hakimlindi yeyote. Mwilini mwa barua, mteja huyo umwite "mdaiwa". "Mshtakiwa" (kosa nililowahi kulifanya) ni wa kesi ya jinai.