Shati ya mistari na rangi ya oranji

"Kaka, juu ya nini shati ya mistari nyeusi na nyeupe inatokaka na rangi mu foto? Aparei ni mupya, nilinunua hapa Bukavu."

Hapana sumbua aparei yako yaya, ni filtre ya Bayer, zile rangi ndogo ndogo zenye zinafunika kila pikseli ndani ya aparei, njo inafanya vile. Kila pikseli inaona rangi moya tu, layini moya ni nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, yenye kufuata ni kijani, bulu, kijani, bulu. Zile mbili zenye zinakosekana inazikisia kwa majirani, tuseme pikseli nyekundu iko na kijani ine pembeni, 90, 100, 100 na 110, inaweka 100 basi, bulu inaitafuta ku kona.

Kwa ukuta ao uso inaenda muzuri. Sasa shati: mustari mweupe unaanguka mu kolone ya 1, mweusi mu ya 2, vile vile mpaka mwisho. Kolone ya 1 iko na nyekundu na kijani, ya 2 kijani na bulu. Nyekundu zote zinapata mwangaza, bulu zote giza, kijani nusu, na aparei inasema kumbe hii ni oranji!

Mwenye amesema piga RAW, ile fichier yenye aparei haijatengeneza bado, rangi zote zitakuwa mule, hapo ni kweli nusu tu. RAW inachunga ile namba moya moya, programu ingine inaweza kisia muzuri kidogo ao hapana. Mimi ku arusi nasogeaka hatua mbili, mistari inanenepa, oranji inapotea. Kwa kitenge cha maua madogo sana bado inanisumbuaka.