Maswali na majibu: thamani aigeni za matriki ya mbili kwa mbili

Shikamoo mwalimu. Kwa nini determinanti ya A − λI lazima iwe sifuri? Kwenye maana ya thamani aigeni tuliyopewa darasani sioni determinanti popote. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. Maana uliyopewa ni hii: Av = λv. Yaani matriki A ikizidishwa na vekta v, vekta hiyo haiachi mwelekeo wake. Inarefuka au kufupika tu mara λ, na λ ikiwa hasi inageukia upande wa nyuma. Hamishia kila kitu kushoto, utapata (A − λI)v = 0. Herufi I ni matriki yenye 1 kwenye ulalo mkuu na 0 kwingine. Tunaihitaji kwa sababu namba tupu haitolewi kwenye matriki.

Mlinganyo huo una jibu moja ambalo halikosekani kamwe, v = 0, nasi hatulitaki. Tunatafuta vekta isiyo sifuri. Kama determinanti ya A − λI si sifuri, matriki hiyo ina kinyume chake; zidisha pande zote mbili kwa kinyume hicho, v = 0 inabaki peke yake. Njia pekee ya kupata vekta nyingine ni determinanti kuwa sifuri. Kwa matriki ya mbili kwa mbili hilo lina sura inayoonekana kwa macho: mstari mmoja wa matriki ni mwenzake aliyezidishwa kwa namba fulani, au una sifuri tupu. Jambo hili litatufaa kwenye swali linalofuata.

Nimepewa matriki hii nitafute thamani aigeni. Napata λ² − 5λ + 2 = 0, lakini jibu la nyuma ya kitabu ni 2 na 3. Nimerudia mara kadhaa, sioni kosa.

```
A = |  4  -2 |
    |  1   1 |
```

Anza kwa kutoa λ kwenye ulalo mkuu tu. Namba nyingine mbili usiziguse:

```
A - λI = | 4-λ   -2  |
         |  1   1-λ  |
```

Determinanti ni zao la ulalo mkuu, ukitoa zao la ulalo wa pili. Andika kwanza na mabano yake yote, kabla ya kurahisisha chochote:

(4 − λ)(1 − λ) − (−2)(1) = 0

Kosa lako liko hapa. Zao la ulalo wa pili ni −2, na unalitoa, kwa hiyo linageuka kuwa +2. Wewe uliona alama ya kutoa moja ukaiacha nyingine. Fungua mabano ya kwanza: 4 − 4λ − λ + λ², yaani λ² − 5λ + 4. Ongeza 2:

λ² − 5λ + 6 = 0

Namba mbili ambazo jumla yake ni 5 na zao lake ni 6 ni 2 na 3. Kwa hiyo (λ − 2)(λ − 3) = 0, na thamani aigeni ni λ = 2 na λ = 3.

Huhitaji jibu la nyuma ya kitabu kujua kwamba umepotea. Rudisha kila λ kwenye A − λI uangalie mistari yake. Kwa λ = 2 mistari ni (2, −2) na (1, −1): wa juu ni wa chini mara mbili. Kwa λ = 3 ni (1, −2) na (1, −2): inafanana kabisa. Sasa pima jibu lako. Mlinganyo wako unatoa takriban 4.56 na 0.44. Weka 4.56, mistari inakuwa (−0.56, −2) na (1, −3.56). Hapo hakuna namba moja inayogeuza mmoja kuwa mwingine, basi 4.56 si thamani aigeni ya A.

Kuna kipimo kingine cha haraka. Jumla ya thamani aigeni mbili ni sawa na jumla ya ulalo mkuu wa A, na zao lake ni sawa na determinanti ya A. Hapa 2 + 3 = 4 + 1, na 2 × 3 = 6. Ni kizuri, ila kina udhaifu: ukikosea alama ileile unapotafuta determinanti ya A, utapata 2 tena na kipimo kitakuambia uko sawa. Ndiyo maana mimi naanza na kile cha mistari.

Kwenye milinganyo sawia tulizoea kupunguza matriki kwanza ili tupate sifuri chini. Nilifanya hivyo kwenye thamani aigeni nikapata majibu tofauti. Kwani haziruhusiwi?

Usifanye hivyo kwenye A. Kupunguza mistari kunahifadhi majibu ya milinganyo sawia, lakini hakuhifadhi thamani aigeni. Tuijaribu matriki ileile: toa robo ya mstari wa juu kwenye mstari wa chini.

```
|  4   -2  |
|  0   1.5 |
```

Matriki yenye sifuri chini ya ulalo mkuu ina thamani aigeni zake kwenye ulalo huohuo, kwa hiyo hii ina 4 na 1.5. Zao bado ni 6, kwa sababu hatua hiyo haibadilishi determinanti. Jumla ndiyo imeharibika: ilikuwa 5, sasa ni 5.5.

Kupunguza kuna mahali pake, nako ni baada ya kupata λ. Ukishaandika A − 2I, ipunguze utakavyo ili utafute vekta, maana hapo unatatua milinganyo sawia.

Mhadhiri wetu anaandika determinanti ya λI − A, kitabu kinaandika A − λI. Nifuate ipi?

Yoyote. Kwa mbili kwa mbili, kugeuza alama ya matriki nzima kunazidisha determinanti kwa (−1)², yaani 1, basi mlinganyo hautofautiani hata kidogo. Ukichagua λI − A, kumbuka tu kwamba namba zilizo nje ya ulalo mkuu nazo zinageuka alama.

Mwalimu, nikipata kipeuo cha pili cha namba hasi, nimekosea au ndivyo ilivyo?

Inawezekana ndivyo ilivyo, na unaweza kujua kabla hujafika huko. Ziite namba za mstari wa juu a na b, za mstari wa chini c na d. Mlinganyo bainifu ni λ² − (a + d)λ + (ad − bc) = 0, na kiasi kinachokaa ndani ya kipeuo kinaweza kuandikwa hivi:

(a − d)² + 4bc

Sehemu ya kwanza haiwi hasi kamwe. Kwa hiyo b na c zikiwa na alama moja, au mojawapo ikiwa sifuri, majibu ni namba halisi. Ukiona kipeuo cha namba hasi hapo, rudi utafute kosa. Matatizo huanza b na c zinapotofautiana alama. Mfano:

```
| 1  -2 |
| 2   1 |
```

Hapa (1 − 1)² + 4(−2)(2) = −16. Mlinganyo ni λ² − 2λ + 5 = 0, na majibu ni 1 + 2i na 1 − 2i, ambapo i² = −1. Hakuna kosa lolote. Matriki hii inazungusha kila vekta, hivyo hakuna vekta halisi inayobaki kwenye mwelekeo wake. Na kama namba zote za matriki ni halisi, majibu ya aina hii huja kwa jozi, yakitofautiana alama ya sehemu yenye i tu. Ukipata 1 + 2i na 3 − 2i, umekosea.