Tisa ya Pentakli imegeuka: mkataba wa chumba umeandikwa jina la nani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, niko Moshi. Miaka mitano nimekaa kwa kaka yangu, kule Rau, nalishwa, hata vocha naomba. Mwezi wa nne nilihamia chumba Majengo, kodi 50,000 kwa mwezi. Kaka alilipa miezi sita, mpaka mwisho wa Septemba, na mkataba ukaandikwa jina lake. Ninashona, cherehani ni yangu. Mwezi mbaya naingiza 190,000, mzuri 260,000. Chakula 120,000, nyuzi na umeme 35,000, simu 15,000, kikoba 20,000. Kwenye kibubu nina 85,000. Juzi, mwanzoni mwa Juni hii, rafiki alinipangia karata tatu za taroti, zile za kubashiria: yaliyopita Sita ya Pentakli, ya sasa Nane ya Pentakli, yajayo Tisa ya Pentakli, ila ikatoka kichwa chini. Akasema Tisa ni karata ya mwanamke anayejitegemea, na ikigeuka ujue atashindwa. Kaka naye anasema nirudi kabla sijaaibika. Nirudi?*

*Fundi wa Majengo*

Marahaba, mwanangu.

Usirudi kwa sababu ya karata. Karata haijui kodi yako wala haijui mwezi wa Septemba. Lakini sitaki uitupe pia, maana picha hizo tatu, ukizitazama kwa utulivu, zinauliza jambo moja ambalo wewe mwenyewe umeliandika kwenye barua na kulipita haraka.

Naamini rafiki yako anatumia zile karata za kawaida zilizochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909, kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite. Mwambie akuonyeshe tena Tisa, mara hii ikiwa wima. Utaona mwanamke amesimama peke yake katikati ya shamba la mizabibu, amevaa joho refu lenye maua. Mkono mmoja umegusa sarafu, zile zenye nyota ndani ambazo ndizo pentakli. Mkono wa pili una glavu, na juu ya glavu ametua kozi, yule ndege wa jamii ya kipanga. Chini kabisa, mahali ambapo wengi hawatazami, konokono anatambaa. Mbali nyuma kuna nyumba kubwa.

Mzabibu, kama ilivyo kahawa ya kihambani, hauzai msimu ule ule uliopandwa. Unapita miaka miwili, mitatu, ndipo unachuma. Kwa hiyo Tisa haionyeshi mtu aliyetoka kwao mwezi wa nne. Inaonyesha mtu aliyekwisha kupanda, kungoja na kupogolea, na sasa amesimama kwenye mavuno. Na karata zilizo nyuma yake zinasimulia hivyo hivyo: kwenye Saba mkulima ameegemea jembe anautazama mmea wake, kwenye Nane fundi amekaa benchini anagonga sarafu moja moja, ndipo inakuja Tisa. Kwako Nane imeangukia nafasi ya sasa. Ni fundi, mwanangu. Ameinama juu ya kazi yake, mji uko mbali nyuma yake, na sarafu alizokwisha kumaliza zimetundikwa. Sijui kama rafiki yako aligundua alivyokuchora vizuri.

Sasa Sita. Pale tajiri amesimama ameshika mizani mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anawadondoshea sarafu watu wawili waliopiga magoti. Wasomaji wengi wa karata wanaiita karata ya ukarimu, nami sikatai, kaka yako amekuwa mkarimu kweli na miaka mitano si kitu kidogo. Ila tazama mizani iko mkononi mwa nani. Anayetoa ndiye anayepima. Hata akiwa na moyo mwema, yeye ndiye anayeamua leo ni kiasi gani na lini basi. Ndiyo maana hata vocha uliomba.

Tisa kichwa chini ndiyo iliyokutisha. Waite aliiandikia maana nzito ikigeuka: hila, udanganyifu, mradi uliovunjika. Rafiki yako amechukua hilo la mwisho akalifanya hukumu. Lakini wako wasomaji wa siku nyingi wasiosoma kabisa karata zilizogeuka, huzirudisha wima na kuendelea. Na wanaozisoma, wengi huanza na jambo jepesi: kile kinachoonekana kwenye karata hii kipo, ila hakijakaa sawa. Kwa Tisa, swali lao la kwanza huwa shamba hili ni la nani? Mwanamke yuko kwenye bustani nzuri, lakini picha haisemi hati ina jina la nani. Wengine humwona kama ndege wake, amelishwa vizuri na amefungwa mguu.

Hapo ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili. Cherehani ni yako. Wateja ni wako. Chumba ni cha kaka: kalipa yeye, na mkataba una jina lake. Ikifika Septemba, mwenye nyumba atampigia yeye, na yeye ndiye atakayeamua kama unaendelea. Umehama Rau, ila mizani bado iko Rau. Kama karata iliyogeuka ina maana yoyote kwako, mimi naiona ni hiyo, wala sioni kushindwa ndani yake. Ni kitu kinachorekebishwa kwa kalamu na pesa.

Basi tuhesabu. Matumizi yako bila kodi ni 190,000. Mwezi mbaya unaishia sifuri, na kodi ya 50,000 huna. Mwezi mzuri unabaki na 70,000, ukitoa kodi ni 20,000. Nakuambia bila kukuficha, kwa hesabu hii hujafika kwenye Tisa, uko kwenye Nane, na ukilazimisha kulipa miezi sita mwezi Oktoba, yaani 300,000, utavunjika. Kaka yako hajakosea kuogopa.

Lakini si lazima iwe sita. Mwombe mwenye nyumba akupokelee miezi mitatu mitatu. Wengi wanataka sita kwa mtu wasiyemjua. Wewe kufika Septemba watakuwa wamekujua nusu mwaka. Mitatu ni 150,000. Kibubu kina 85,000, unapungukiwa 65,000. Una Juni, Julai, Agosti na Septemba. Hiyo ni kama 17,000 kwa mwezi. Ukipata mwezi mmoja tu mzuri katika hiyo minne, 70,000 inayobaki inamaliza kazi yote. Ikitokea yote minne ni mibaya, utajua mapema: kama mwisho wa Julai kibubu hakijafika 120,000, nenda kazungumze na mwenye nyumba Agosti hiyo hiyo, usisubiri tarehe ya mwisho. Na akikataa miezi mitatu kabisa, tafuta chumba cha bei ndogo zaidi kwa jina lako kabla ya kukubali kikubwa kwa jina la mwingine.

Usiguse ile 20,000 ya kikoba kuijazia kodi. Najua inavutia. Lakini kikoba ndiko utakakokopa siku cherehani ikiharibika, na cherehani ndiyo mzabibu wako.

Sasa nirudi kwa kozi, maana ndiye ninayempenda kuliko vyote kwenye picha ile. Kichwani amevikwa kofia ya ngozi inayomziba macho. Wafugaji wa ndege hao humvika hivyo ili asirukie kila kinachopita. Akiona kitu anajirusha, anajichosha na kujiumiza mabawa. Kofia huvuliwa wakati wa kuwinda. Mwanamke wa Tisa hajamuua ndege wake wala hajamwachia. Tamaa yake ipo, ina kucha, ila imefundishwa.

Wewe kozi wako ataruka Desemba. Unaijua Moshi ya Desemba: Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe, kila mtu anataka nguo ya Krismasi, na Januari inakuja na sare za shule. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuingiza kwa wiki kile alichokuwa akiingiza kwa mwezi. Halafu inakuja Februari, na mlango hauna mtu. Fundi anayenunua sofa Desemba ndiye anayepiga simu kwa kaka Machi, na nimesoma barua nyingi za namna hiyo. Kofia yako iwe hii: kila shilingi ya Desemba inayozidi 260,000 ni kodi ya kuanzia Januari mpaka Juni, iende kwenye laini nyingine ya simu au kwa mweka hazina wa kikoba, isilale kwenye pochi unayonunulia mboga. Ukipata 300,000 ya ziada, nusu mwaka wote umeshalipwa, na hapo miezi mibaya yenye sifuri haikutishi tena kwa sababu chumba hakidai. Nikikuona hapo, nitakubali kwamba Tisa imesimama wima.

Na kaka? Usimkimbie, wala usimwambie habari za karata, atadhani umeanza ramli. Mpelekee asante yenye mwisho. Mwambie: "Kaka, umenilipia mpaka Septemba, Mungu akubariki. Kuanzia Oktoba kodi nalipa mimi, na mkataba mpya nitauandika jina langu." Mwonyeshe daftari lenye hesabu, asikusikie kwa maneno matupu. Akitaka kukupa kitu baada ya hapo, akupe bandali la kitambaa au mafuta ya kupikia, zawadi isiyofungua wala kufunga mlango wako. Baada ya Tisa ipo Kumi ya Pentakli, na kwenye Kumi kuna mzee, mtoto, mbwa, familia nzima langoni. Huyo mwanamke wa shambani haishi peke yake milele. Ila anaingia kwenye lango lile akiwa na kitu chake.

Kwetu Uchaggani kihamba kimezoea kwenda kwa mtoto wa kiume, na mabinti wengi tumekua tukijua shamba ni la kaka au la mume. Nadhani ndiyo sababu picha hii inakugusa hata ikiwa kichwa chini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, lakini mkono unazoea kuandika jina lako kwa kuanzia vitu vidogo. Chumba cha Majengo ni kidogo vya kutosha kuanzia.

Wiki ya mwisho ya Septemba, nenda kwa mwenye nyumba na 150,000, kitambulisho chako na shahidi mmoja. Kabla hujasaini soma jina lililo juu ya mkataba, hesabu miezi, na usitoke bila risiti.

Wako,
Shangazi