Kaulimbiu ya mkopo wa sokoni uisome kwa mdomo wa mdai

Maneno ya mkopo yaliyoshika kuliko yote Tanzania hayakuandikwa na mtu wa matangazo. Ni mawili tu, kausha damu, jina la mikopo midogo yenye riba kali, na walioyatia mtaani ni wakopaji wenyewe. Ukipewa kazi ya kuandika kaulimbiu ya mkopo wa wafanyabiashara wa sokoni, ujue hayo mawili yameshafika sokoni kabla yako, na kila utakachoandika kitapimwa kando yake.

Mimi niliitwa na kampuni moja ndogo ya mikopo hapa Dar es Salaam. Maelekezo yalikuwa mafupi: iongelee kukua na heshima, isizidi maneno matano. Nikaona kazi ya asubuhi moja. Nikaandika "Kua kwa Heshima", wakaipenda, tukachapa bango moja la majaribio, nikalibeba hadi soko la Ilala kulionyesha watu.

Mama mmoja anayeuza nyanya alilisoma kwa sauti, akaacha kupanga mafungu yake. "Kua kwa heshima? Kwani mwanangu, nimemkosea nani adabu?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikaelewa palepale. "Kua" ukiitoa kama amri, ni neno la kumwambia mtoto, au mtu mzima anayefanya utoto: kua basi. Halafu nusu ya watu siku hizi wanaandika "kua" wakimaanisha "kuwa" kwenye simu zao, kwa hiyo macho yao yalisoma "kuwa na heshima", maneno ambayo mtu huambiwa akishavunja adabu. Nilikuwa nimemtundikia mama wa miaka hamsini na kitu karipio la mwalimu wa zamu.

Nikarudi na "Linda Heshima Yako". Hii ilikuwa mbaya zaidi, ila sikuiona mpaka kijana wa viazi alipoigeuza sauti akaniigizia afisa mikopo: "Mama, leo ni tarehe ngapi? Linda heshima yako." Ndipo nilipopata kipimo ambacho sijakiacha tangu siku hiyo. Kaulimbiu yoyote ya mkopo uisome mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti ya tangazo la redio, mara ya pili kwa sauti ya mtu aliyekuja kudai rejesho lililochelewa. Ikigeuka tishio au kejeli mara ya pili, itupe. "Tunakuinua" inaanguka hapo, maana mdai atakukumbusha nani alikuinua. "Ongeza Mzigo" niliipenda sana, kwa sababu sokoni mzigo ni bidhaa. Lakini mzigo unaoletwa na mkopeshaji ni mzigo kweli, na wauzaji walilisema hilo kabla sijamaliza kueleza.

Baada ya hapo niliacha kubeba maneno, nikakaa kwenye kreti la soda karibu na meza ya yule mama. Nilimuuliza kukua kwake ni nini. Hakutamka kukua hata mara moja. Alisema "kusogea". Wakati ule alikuwa anachukua tenga moja la nyanya za Ilula kwa siku, analiuza kwa sado na kwa mafungu. Kusogea ni kuchukua matenga matatu, na kuongeza ubao na turubai upande wa pili ili meza iyabebe.

Tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Mkopo 200,000, marejesho wiki 10, kila wiki 21,500, jumla 215,000. Tenga wiki ile lilikuwa 60,000, kwa hiyo matenga mawili ya ziada ni 120,000, na 80,000 inayobaki ni ya ubao, turubai na fundi. Akitoa ushuru, mpagazi na nyanya zilizopondeka, kila tenga humwachia kama 5,000. Matenga 12 ya ziada kwa siku sita ni 60,000. Toa rejesho, anabaki na 38,500. Hapo anasogea.

Kisha akanifanyia hesabu ya wiki mbaya, bila kuombwa. Mvua imenyesha, wateja hawatoki, tenga moja limeoza lote. Matenga 11 yamempa 55,000, lililooza limeondoka na 60,000. Nyongeza yote imekwisha na amepungukiwa 5,000, na rejesho la 21,500 bado liko palepale. Hiyo 26,500 itatoka kwenye tenga lake la zamani, yaani kwenye chakula cha nyumbani.

Ile hesabu ndiyo iliyonichagulia hata kitenzi. Nisingeweza kuandika "meza inapanuka", kwa sababu ni ahadi ambayo mvua ya siku mbili inaivunja. "Ipanuke" ni jambo jingine. Ni dua, na mtu akikuombea hajakudanganya.

Na heshima? Hapo alinyamaza kidogo, akaanza kusimulia ya jirani yake aliyechelewa rejesho siku nne. Afisa alikuja saa nne asubuhi, wateja wamejaa, akasimama mbele ya meza akamtaja jina lake lote mpaka la baba. Jioni wakampigia simu mchungaji wake, namba ambayo aliiandika kwenye fomu kama mtu wa karibu. Deni alilipa. Meza alihamisha.

Kwa hiyo neno la sokoni la heshima ni jina. Mtu ana jina kwa dalali anayempa tenga kwa mali kauli, ana jina kwenye mchezo wa akina mama, na jina hilo likishatangazwa hadharani mtaji mwingine wote unakauka, hata usio wa benki.

Kaulimbiu iliyotoka ni hii: "Meza ipanuke, jina lisiguswe." Hesabu mizani: sita kwa sita, na pande zote mbili zinaishia kwenye "e". Nililitaka hilo makusudi, kwa sababu akina mama wa sokoni wamezoea misemo ya kanga, na msemo usiokaa kwenye kanga haukai kichwani. Haina neno mkopo wala neno heshima. Jaribu sasa kuisoma kwa mdomo wa mdai. Haimsaidii, inamfunga.

Kampuni iliona hilo pia, na mwenye kampuni akaniuliza nimeandika tangazo au sharti. Nikamwambia asipokubali sharti, asilipie tangazo. Tulibishana wiki mbili. Mwisho walifuta kwenye fomu sehemu ya namba za watu wa karibu, wakabaki na mdhamini mmoja anayesaini kwa kujua. Kufuata mtu mezani wakakubali kuacha, malipo yaende kwa simu, na aliyechelewa apigiwe yeye mwenyewe baada ya soko kufungwa. Suala la wiki moja ya kupumua kwa muuzaji wa vitu vinavyooza walilikataa, nami nikashindwa.

Miezi michache baadaye nilipita Ilala kununua nyanya. Mama ana turubai jipya upande wa pili. Aliniambia afisa mmoja mgeni alikuja mezani kwake akaanza kuongea kwa sauti. Hakumjibu. Alimnyooshea kidole bango lililo nyuma yake ukutani, na muuza viazi akalisoma kwa sauti kubwa, kisha wa vitunguu, kisha safu nzima, mpaka yule kijana akaondoka.

Siku hizi nikipigiwa simu ya kazi kama hii, kabla ya kuuliza bajeti naomba wanitumie fomu ya mkopo.