Mwulize jambo moja, umpe siku ya kujibu

"Nimeishi na mwenzangu miaka mitano. Nimwandikie ujumbe gani wa upole kumuuliza kama ananuia kunioa, asije akaona ninamshurutisha?"

Mimi niliuandika ujumbe huo mara mbili. Wa kwanza niliutuma saa nne usiku, nikitoka harusini kwa binamu yangu: "Miaka sita sasa. Wenzetu wanaolewa, mimi ni nani kwako?" Akajibu, "Tutaongea." Mwezi mzima ukapita kimya.

Tunaishi Jinja, Uganda. Mimi ni Muganda niliyelelewa kambini kwa baba askari, mwenzangu ni wa Tororo, na nyumbani tunaongea Kiswahili. Nilipotulia nikatambua kwamba harusi sikuwa na haraka nayo. Nilichotaka kujua ni kama ana nia ya kufika kwetu. Nikamwandikia Ijumaa mchana, kodi ya nyumba na ada ya shule zikiwa zimeshalipwa:

"Baba Joni, pole na kazi. Miaka hii sita nimekuwa na amani nawe, na ningependa tuzeeke pamoja. Naomba kujua jambo moja: unakusudia kwenda kwetu kujitambulisha? Usinijibu kwa simu. Tuongee Jumapili jioni, mtoto akishalala. Kama bado, niambie kinachokuzuia."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomfungua. Jumapili alisema anaogopa gharama za kwanjula, sherehe ya mwanamume kutambulishwa rasmi kwa wazazi wa mwanamke: mahema, magari, zawadi za ukoo mzima. Alidhani mambo yanaanzia hapo. Nikamweleza kwamba kwetu hutangulia kukyala: mwanamume anakwenda kwa senga, yaani shangazi wa upande wa baba, na watu wachache na vitu vichache, bila shamrashamra. Palepale akataja Desemba.

Hapo ndipo nilipojua ana nia, maana alitaja kizuizi na akataja mwezi. Mwenzako akikupa maneno matamu yasiyo na kimoja kati ya hayo, mwulize tena mara moja, ana kwa ana. Akikwepa tena, lichukue hilo kuwa ndilo jibu lake, hata likiuma.

Na wakati unangoja, dada yangu, angalia pesa zako. Sheria ya Uganda haihesabu miaka ya kuishi pamoja kuwa ndoa, hata mkiwa na watoto. Ardhi ambayo familia inaishi juu yake haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume, lakini ulinzi huo ni wa waliooana. Mimi nilikuwa nimechangia kiwanja ambacho mkataba wake una jina lake peke yake. Jumapili ileile nilimwomba tuongeze langu, naye hakukataa.

Desemba alikwenda kwa senga. Kwanjula ikafuata baadaye, ndogo, uani kwa baba. Ndoa ya kimila husajiliwa gombolola, yaani ofisi ya serikali ya eneo, ndani ya miezi 6 baada ya sherehe. Sisi tulikwenda wiki ya tatu, Joni akiwa mgongoni.